Mota ya konveya ya magunia: ihesabie mkanda uliosimama ukiwa umejaa

Konveya ya kupandisha magunia ikishaanza kutembea haina shida kubwa. Shida ipo pale umeme unapokatika kazi ikiwa imepamba moto, magunia yakabaki yamelala kwenye mwinuko, halafu umeme ukarudi ukiwa mdogo. Mota inatakiwa iung'oe mzigo wote kutoka pale uliposimama. Kama hesabu yako haikuifikia hali hiyo, mota itavuma, haitazunguka, na ovalodi itakata. Vijana watapunguza magunia kwa mikono hadi mkanda ukubali kuondoka, na kila mmoja atasema mota ni feki.

Nitatumia konveya moja ya ghala la mahindi na mpunga hapa Tabora, kwa sababu ina kila kitu kinachohitaji kuhesabiwa. Ina urefu wa mita 8, imeinuka nyuzi 25, na kazi yake ni kupeleka magunia juu ya mpororo. Mkanda ni wa mpira, upana sentimita 60, na kwa chini hauna rola. Unateleza juu ya bati nene la chuma. Mwendo wake ni mita 0.4 kwa sekunde. Mwenye ghala alikuwa na mota ya kilowati 2.2, yaani ile ya hospawa tatu, na alitaka kujua kama inatosha.

Kwanza mzigo. Swali la gunia lina kilo ngapi ni la pili. La kwanza ni magunia mangapi yanaweza kuwa juu ya mkanda kwa wakati mmoja. Vijana wakipakia kwa utaratibu utakuta matatu. Wakiwa wanakimbiza lori kabla ya jua kuzama utakuta matano, na mimi nahesabu kwa matano kwa sababu ndiyo hali itakayokuja. Matano ya kilo 100 ni kilo 500.

Anayehesabu kupandisha peke yake atasema hivi: kwa nyuzi 25, kila sekunde mzigo unapanda sentimita 17 hivi, kwa hiyo kilo 500 zinahitaji wati 830. Ataongeza kidogo, atanunua mota ya kilowati 1.1. Hesabu hiyo si ya uongo, ila imeishia njiani, kwa sababu mkanda haupandishi tu, unajisugua pia.

```
Kupanda:   m x g x sin(25) = 500 x 9.81 x 0.423 = 2075 N
Msuguano:  (m + mkanda) x g x cos(25) x u
           = 550 x 9.81 x 0.906 x 0.30 = 1466 N
```

Kilo 50 zilizoongezeka ni uzito wa mkanda wenyewe upande wa juu. Kwenye mstari wa kupanda mkanda hauhesabiwi, kwa kuwa uzito wa upande unaopanda unafidiwa na ule unaoshuka. Kwenye msuguano hakuna fidia hiyo.

Hiyo `u` ndiyo namba ya msuguano, na ndipo watu wengi wanapobahatisha. Mimi naipima, na kipimo chenyewe hakina gharama. Kwenye konveya hii nilichukua kipande cha mkanda uleule, nikakilaza juu ya bati lililolala sawa na sakafu, nikaweka juu yake gunia la kilo 100, kisha nikakivuta taratibu kwa mzani wa ndoano. Sindano ilipanda hadi karibu kilo 45, ndipo kipande kikachomoka. Kilipokuwa kinatembea, sindano ilirudi na kutulia karibu na 30. Kwa hiyo namba ya kutembea ni 0.30 na ya kuondoka ni 0.45. Iandike hiyo ya pili, tutaihitaji. Na upime bati likiwa kama lilivyo kazini, likiwa na vumbi na pumba chini ya mkanda, maana ukilifuta kwanza utapata namba nzuri ambayo konveya haitaiona tena.

Ongeza nyutoni 150 kwa ajili ya beringi za ngoma na rola za chini zinazorudisha mkanda. Jumla inafika karibu nyutoni 3,700. Ukizidisha kwa mwendo wa 0.4 unapata wati 1,480 kwenye ngoma. Lakini mota haikai kwenye ngoma. Katikati kuna giaboksi ya womu, ile ambayo shafti yenye umbo la parafujo inazungusha gurudumu la shaba, na baada yake kuna mnyororo. Giaboksi ya aina hii ikiwa inazunguka inapitisha karibu asilimia 78 ya nguvu, na mnyororo karibu asilimia 93. Kwa pamoja ni asilimia 72.5. Gawanya 1,480 kwa 0.725, unapata kilowati 2.04 kwenye shafti ya mota. Angalia tulikotoka: ni karibu mara mbili na nusu ya zile wati 830.

Hapo mwenye ghala aliniambia, "Fundi, basi 2.2 si inatosha?" Kwa kutembea inatosha, Mzee, nikamjibu. Sasa tuiangalie inapoondoka.

Inapoondoka mambo mawili yanabadilika kwa pamoja. La kwanza ni msuguano: kutoka 0.30 kwenda 0.45, nyutoni 1,466 zinakuwa 2,200. Kuongeza mwendo hadi 0.4 ndani ya sekunde moja kunahitaji nyutoni 240 hivi, kidogo tu, kwa sababu mkanda huu unatembea polepole. Jumla inakuwa karibu nyutoni 4,660. La pili halionekani kwa macho na ndilo linalosahauliwa: giaboksi ya womu iliyosimama ni nzito kuliko inayozunguka, maana mafuta bado hayajajitandaza kati ya chuma na shaba. Kwa kuondokea nahesabu asilimia 60 badala ya 78. Ukiunganisha vyote viwili, mota inayohitaji nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 13.6 ikiwa inatembea, itahitaji karibu 22 ili kuondoka.

Mota ya kilowati 2.2 yenye mizunguko 1,430 kwa dakika inatoa nyutonimita 14.7 ikiwa kwenye mzigo wake kamili. Mota nyingi za ukubwa huu, zikiwa zimesimama na kupewa umeme kamili, hutoa karibu mara 2.2 ya hapo, yaani nyutonimita 32. Kwa hiyo 22 zinapatikana bila taabu. Lakini hiyo ni kwa volti 400 zilizotimia.

Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikibaki asilimia 80, nguvu haibaki asilimia 80, inabaki asilimia 64. Na kumbuka mota inapoondoka inavuta umeme mara sita au saba ya kawaida yake, kwa hiyo waya mwembamba na mrefu kutoka kwenye mita unaishusha volti zaidi, hasa pale mashine ya kukoboa ya jirani nayo inapowashwa dakika hiyohiyo umeme ulipoanza kurudi. Kwenye ghala hili niliweka mita kwenye kontakta wakati wa kuwasha, nikasoma volti 320. Hiyo ni asilimia 80 kamili. Zile nyutonimita 32 zinakuwa 20.5, wakati tunataka zaidi ya 22. Ndiyo maana mota ya 2.2 ilikuwa inaondoka vizuri asubuhi mkanda ukiwa mtupu, ikavuma na kukwama kila umeme ulipokatika mkanda ukiwa umejaa. Mota haikuwa mbovu.

Inayofuata dukani ni kilowati 3, hospawa nne. Kwenye volti 320 zilezile inatoa karibu nyutonimita 28. Inaondoka na inabakiwa na akiba.

Hapa kuna mtego mmoja. Wapo wanaoshauri kuwashia staa-delta, yaani mota ianze ikiwa imefungwa staa kisha ihamie delta, ili kupunguza ule mvuto mkubwa wa umeme. Staa-delta inapunguza mvuto, lakini inapunguza na nguvu ya kuondoka hadi theluthi. Mota ya kilowati 3 yenye umeme kamili itabaki na nyutonimita 15 hivi, na konveya iliyojaa haitasogea hata nukta. Isitoshe, mota nyingi za ukubwa huo bamba lake limeandikwa 230/400, maana yake kwenye umeme wetu wa njia tatu inafungwa staa muda wote. Kwa konveya ya magunia washa moja kwa moja na uweke waya mnene, au tumia inveta iliyowekewa kuondoka taratibu kwa nguvu kamili.

Sasa akiba ya usalama. Mimi naiweka mara moja tu, mwishoni, kwa kuzidisha nguvu ya kutembea kwa 1.25. Kilowati 2.04 zinakuwa 2.55, na tunaangukia kwenye ile 3 ileile. Akiba hiyo ni ya vitu nisivyoweza kuvipima leo. Kikubwa hapa kwetu ni lumbesa: gunia linaloitwa la kilo 100 likishonewa kilemba juu linaweza kufika 120, na matano ya namna hiyo ni kilo 600. Vingine ni unyevu wa masika chini ya mkanda na ngoma ambayo beringi zake zimeanza kuchoka. Kuna na suala la mwinuko wa Tabora wenyewe. Mota za kawaida hupimwa kwa kazi ya hadi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na joto la nyuzi 40, nasi tuko karibu mita 1,200, hewa ni nyepesi kidogo na inapoza kidogo. Athari yake ni ndogo, asilimia moja au mbili. Mota iliyofungwa juu kabisa chini ya bati la paa inaumizwa zaidi na joto kuliko na mwinuko, kwa hiyo ikiwezekana ishushe.

Usiongeze akiba juu ya akiba. Ukiongeza kidogo kwenye gunia, kidogo kwenye msuguano, kisha nusu nzima kwenye mota, utaishia kwenye kilowati 5.5. Siku gunia likinasa kwenye ubao wa pembeni, mota hiyo haitasimama. Itachana mkanda au itakwangua gurudumu la shaba la giaboksi.

Kama mota kubwa inakukera, punguza msuguano. Rola zikichukua nafasi ya bati, namba ya msuguano inashuka hadi karibu 0.05 na nguvu ya kutembea inakuwa kilowati 1.4 tu, kwa hiyo hata ile 2.2 ingetosha kwa raha. Lakini rola ziwe karibukaribu, gunia lilalie angalau tatu kwa wakati mmoja, la sivyo litakuwa linadundadunda na kushuka. Na uso wa juu wa mkanda uwe wa mikwaruzo au uwe na vibao: kwa nyuzi 25, gunia la salfeti kwenye mkanda laini linarudi nyuma, na hapo mota yoyote itazunguka bure.

Jambo moja mota hailitatui ni konveya kurudi nyuma umeme ukikatika. Giaboksi ya womu mara nyingi hushika yenyewe, ila ikichakaa au ikitikisika inaweza kuachia, na kilo 500 zinashuka kwa aliyesimama chini. Weka mota yenye breki au kizuizi cha kurudi nyuma kwenye shafti ya ngoma.

Ukishafunga, jaribu kwa hali ile ngumu. Panga magunia matano, simamisha, kisha washa huku mita ya volti ikiwa kwenye kontakta. Mkanda uondoke ndani ya sekunde moja au mbili. Halafu bana klampu mita kwenye kila waya wa njia tatu. Mota ya kilowati 3 ina ampea 6.5 hivi kwenye bamba, na kwa mzigo huu utasoma karibu 5, njia zote tatu zikikaribiana. Weka ovalodi kwenye ile namba ya bamba. Ikianza kukata baada ya miezi michache na magunia ni yaleyale, usiipandishe. Funua mkanda uangalie pumba zilizogandamana juu ya bati.