VPN haili bando mara mbili

"Jamani nikiwasha VPN bando linaisha mara mbili, chaji nayo inakimbia, ni kweli?"

Hapana, mara mbili sio. VPN inachukua kila pakiti ya data inaifunga kwenye bahasha nyingine, na uzito unaoongezeka ni wa hiyo bahasha tu. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, inaongeza kama baiti 60 kwenye pakiti ya baiti 1,420, kwahiyo video ya MB 500 itakula MB 521 hivi. OpenVPN, aina nyingine, inazidi hapo kidogo.

Kinachowaumiza wengi ni bando la WhatsApp peke yake. Ukiwasha VPN, mtandao wa simu hauoni tena kama hiyo ni WhatsApp, unaona data inaenda kwenye seva moja tu, basi wanakata kwenye bando la kawaida au salio. Mimi lilinikuta, bando la WhatsApp limejaa vilevile na salio sifuri, niliumia kweli.

Chaji inaliwa zaidi mtandao ukiwa dhaifu, VPN inakatika inaunga, inakatika tena, simu hailali. Na kwenye mipangilio ya WireGuard angalia sehemu ya PersistentKeepalive, ikiwa 25 simu inaamshwa kila sekunde 25 hata iko mfukoni. Kama unaperuzi tu, jaribu kuiacha tupu.