“Tumeshaongea, Sote Tunapenda Watoto”: Dhana Potofu Kabla ya Barua ya Posa

Katika kazi yangu ya kuwashauri wanaojiandaa kuoana, hakuna jibu linalonichosha kama hili: “Tumeshaliongea, sote tunapenda watoto.” Nikiuliza ni wangapi, wawili hao hutazamana, mmoja husema “wachache tu,” na mwenzake huitikia kwa kichwa. Wao huona suala limekwisha, ilhali hakuna idadi iliyotajwa.

Dhana kwamba mazungumzo yanatosha ni potofu kwa sababu anayezungumza na mtu ampendaye huyasoma macho yake na kurekebisha jibu kabla halijatoka. Ndiyo maana huwapa kila mmoja karatasi na kalamu, nikawatenganisha, na kuwataka waandike mambo haya: kama anataka watoto au hataki, idadi anayoipenda, idadi ndogo kabisa anayoweza kuridhika nayo na idadi asiyotaka kuivuka, mtoto wa kwanza azaliwe lini, na nani anahesabiwa miongoni mwa watoto hao. Sipendi wafanye hivyo kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa wa kwanza kutuma huwa amemwandikia jibu mwenzake. Karatasi hubadilishwa zote mbili zikishakamilika.

Mwanamke mmoja wa miaka 31 na mwanamume wa miaka 36 waliniambia kwa sauti moja kwamba wanataka “wachache.” Karatasi ya mwanamke ilisema watoto wawili, wasizidi watatu, na binti wa miaka 9 ambaye mwanamume alimpata zamani alikuwa ndani ya hesabu hiyo, kwa maneno mengine, alikusudia kuzaa mara moja, au mara mbili kwa wingi. Ya mwanamume ilisema wanne, wasipungue watatu, na yule binti hakuhesabiwa. Neno moja lilikuwa limeficha uzazi wa mara moja upande huu na wa mara nne upande ule, nao walibakiza wiki mbili tu mshenga apeleke barua.

Niliwaomba waweke tarehe pembeni ya idadi zao, jambo ambalo wengi hulikwepa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kujaribu kupata mimba nyingine, na ukiongeza miezi tisa ya ujauzito, kati ya mtoto na mtoto kuna takribani miezi 33. Iwapo mwanamke huyu angemzaa wa kwanza akiwa na miaka 33, wa nne angezaliwa yeye akiwa ameshapita miaka 41, tena kama kila mimba ingeingia kwa wakati wake, jambo ambalo hakuna awezaye kuliahidi. Mwanamume alikiri kwamba hakuwahi kupiga hesabu hiyo.

Wengine hudai kwamba kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Dai hili hunishangaza likitoka kwa familia zilezile zinazoorodhesha mahari kwa maandishi, hadi blanketi la bibi na mkaja wa mama, na kurudisha barua iliyosahau kipengele kimoja.

Wapo pia wanaodhani kwamba kanisani wataulizwa. Ni kweli kwamba katika ibada ya ndoa ya Kikatoliki maharusi huulizwa kama wako tayari kupokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu, lakini swali hilo halitaji idadi, na huulizwa wakati ukumbi umeshalipiwa.

Kinyume chake, wachache huidhani karatasi hiyo kuwa mkataba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya kuoana, lakini hakuna mahakama itakayomwamuru mtu azae watoto watatu kwa kuwa aliandika watatu. Karatasi inaonyesha nia ya siku ile, na inaweza kuandikwa upya.

Kuhusu “akishampata wa kwanza atabadilika,” nasema kwa ufupi: hubadilika kweli, ila wapo waliotaka wanne wakakomea kwa mmoja baada ya uzazi mgumu. Na pale mmoja anapoandika “sitaki” na mwingine “nataka,” siwaruhusu kugawana tofauti kwa kukubaliana mtoto mmoja, maana huyo mmoja atakuwa mzigo kwa mzazi asiyemtaka. Hapo huwashauri wasitishe posa.

Wale wawili waliahirisha barua kwa miezi miwili, kisha wakaandika tena, kila mtu peke yake. Mwanamke hakuvuka uzazi wa mara mbili. Mwanamume alishuka hadi wawili, lakini chini ya idadi aliongeza sharti ambalo halikuwamo mwanzoni: binti yake ahamie kwao kutoka kwa bibi yake mara baada ya harusi. Mwanamke, aliyekuwa amemhesabu mtoto huyo tangu karatasi ya kwanza, hakuwahi kuambiwa kwamba anaishi kwa bibi.