Mafuta ya kiwandani yakiingia mtoni: kiasi gani, mvua ilikuwaje, na yamezuiwa wapi

Taarifa nyingi za uchafuzi wa mito zinazofika ofisini kwetu huanza na neno "mengi". Mafuta mengi yamemwagika, majitaka mengi yametoka kiwandani. Mengi kwa mtu aliyesimama darajani yanaweza kuwa lita 20, na yanaweza kuwa lita 20,000, na hatua za kuchukua hazifanani hata kidogo. Upande wa kiwanda tatizo ni kinyume chake: meneja anajua kwamba kuna kilichomwagika, lakini anasubiri apate takwimu kamili ndipo apige simu. Takwimu kamili haiji asubuhi hiyo. Mafuta nayo hayasubiri.

Tarehe 29 Mei 2020, tanki la dizeli la kituo cha kuzalisha umeme karibu na mji wa Norilsk, kaskazini mwa Urusi, lilipasuka na kumwaga zaidi ya tani 20,000. Makadirio yaliyotangazwa yaligawa kiasi hicho mara mbili: takribani tani 6,000 kwenye udongo na tani 15,000 kwenye maji, hasa mto Ambarnaya. Siku chache baadaye Rais Putin aliuliza hadharani kwa nini mamlaka zilipata habari siku mbili baada ya tukio, na gavana wa jimbo akasema picha halisi aliipata kupitia mitandao ya kijamii. Kampuni ilikana kuchelewesha taarifa. Mwaka 2021 mahakama iliiamuru ilipe fidia ya takribani rubo bilioni 146. Viwanda vyetu havina matanki ya ukubwa huo, lakini ule mgawanyo wa kilichobaki ardhini na kilichoingia majini ndio tunaoutaka katika kila taarifa, hata kama kilichomwagika ni pipa tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayotokea. Kiwanda kina boila inayotumia mafuta mazito, na tanki lake la wima lina kipenyo cha mita 3. Tanki limezungukwa na ukuta wa kinga ili likivuja mafuta yabaki ndani. Ukuta huo una vali ya kutolea maji ya mvua, na baada ya mvua ya juzi mtu aliifungua akasahau kuifunga. Usiku gasketi ya bomba ikaachia. Mafuta yakajaa sakafuni, yakapita kwenye vali, yakaingia mtaroni, yakapita shimo la kutenganisha mafuta na maji, yakafika mtoni. Saa 12:30 asubuhi mlinzi anaona weusi kwenye mtaro.

Kiasi kinapatikana kwa kutoa tu. Kijiti cha kupimia kilisoma mita 2.10 jana saa 12 jioni, leo kinasoma mita 1.65. Upungufu ni sentimita 45, na kwa tanki la kipenyo hicho kila sentimita ni takribani lita 70, yaani lita 3,150 zimetoka. Boila iliwaka hadi saa 4 usiku ikitumia lita 90 kwa saa, hivyo lita 360 ziliungua kihalali. Zinabaki 2,790. Ndani ya ukuta wa kinga sakafu iliyo wazi ni mita za mraba 23, na mafuta yamesimama kwa kina cha sentimita 3: hizo ni lita 690. Kwenye shimo la kutenganisha zimevutwa lita 400. Kilichoingia mtoni ni kama lita 1,700.

Kama, kwa sababu kila kipimo kina kasoro yake. Ukikosea sentimita moja kwenye kila usomaji wa kijiti, unakosea lita 140. Ukikosea sentimita moja tu sakafuni, unakosea lita 230, kwa kuwa eneo ni pana. Na hapo sakafuni ndipo watu hukosea zaidi: mafuta huelea juu ya maji ya mvua, hivyo kijiti kikigusa chini kinapima vyote viwili. Kwa hiyo taarifa ya uaminifu inasema "kati ya lita 1,300 na 2,100, kwa kipimo cha kijiti cha tanki". Namba moja isiyo na maelezo, kwa mfano "lita 1,700" basi, hunipa wasiwasi kuliko wigo mpana, kwa sababu siwezi kujua imetoka kwenye kijiti au kichwani. Tahadhari moja: hesabu hii ni ya tanki la wima. Tanki lililolazwa sentimita yake ya katikati ina ujazo mkubwa kuliko ya juu au ya chini, hivyo litumie jedwali lake la vipimo.

Mwananchi aliye nje ya geti hana kijiti wala jedwali, lakini ana macho, na rangi ya mafuta juu ya maji ni kipimo. Wataalamu wa bahari ya Kaskazini wana mwongozo wa rangi unaotumika sana. Utando wa fedha au kijivu ni lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba. Rangi za upinde wa mvua ni lita 300 hadi 5,000. Mafuta yanapoonekana kwa rangi yake halisi, nyeusi au kahawia, bila kukatika, ni zaidi ya lita 200,000 kwa kilomita hiyo hiyo. Sasa fikiria mto wenye upana wa mita 8 uliofunikwa na upinde wa mvua kwa urefu wa kilomita nzima. Unatisha, lakini ni kati ya lita 2 na 40. Upande wa pili, doa jeusi la mita 50 tu kwenye mto huo huo halipungui lita 80. Jicho huogopa rangi nzuri iliyosambaa na kupuuza weusi uliojikusanya kwenye matete. Mwongozo uliandikwa kwa ajili ya bahari, na mtoni mkondo huvuruga utando, hivyo tunauchukua kama kisio. Kwetu inatosha ukituambia rangi gani, upana gani, na umeifuata kwa umbali gani.

Kabla ya kupiga simu, chokoza utando huo kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikabaki vimeachana, huo kwa kawaida ni utando wa bakteria wa chuma, wa asili kabisa kwenye maji yaliyotuama. Mafuta ya petroli hujiunga tena mara moja.

Kwa majitaka yanayotoka kwenye bomba, ndoo na saa ya simu vinatosha, mradi unaweza kufika salama bila kugusa maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, ni lita 9,000 kwa saa. Andika muda ulioshuhudia mwenyewe, na utenganishe na ule ulioambiwa na jirani.

Hali ya hewa watu huiandika kama utetezi: "kulikuwa na mvua kubwa". Sisi tunaihitaji kwa kazi nyingine, kujua mafuta yamefika wapi. Tupa kipande cha kijiti mtoni ukihesabu sekunde. Kikienda mita 20 kwa sekunde 40, mkondo una nusu mita kwa sekunde, sawa na kilomita 1.8 kwa saa. Katika mfano wetu mhudumu wa boila aliona sakafu kavu saa 4 usiku, na mafuta yameonekana saa 12:30. Ni saa nane na nusu, hivyo ncha ya mbele ya mafuta inaweza kuwa kilomita 15 kutoka kiwandani, ingawa mlinzi ameyaona mita 200 tu kutoka getini. Mvua iliyonyesha kati ya saa 8 na saa 10 usiku huenda imeisukuma mbali zaidi. Mwenye pampu ya kumwagilia au chanzo cha maji ya kunywa ndani ya umbali huo anapaswa kufunga sasa hivi. Upepo hautawali mtoni kama baharini, kwa kuwa huyasukuma mafuta kwa asilimia 3 hivi ya kasi yake, lakini hutuambia yataegemea ukingo upi, na timu ianzie upande gani.

Kuhusu kuzuia, neno "tumedhibiti" liacheni. Semeni nini kimefungwa, saa ngapi, na kama kinafanya kazi. Vali ilifungwa saa 12:40: chanzo kimekatwa. Mifuko ya mchanga mtaroni saa 1:10: inavuja kidogo. Vizuizi vinavyoelea mtoni: hapa ndipo pana udanganyifu usio wa makusudi. Kizuizi kilichotandazwa moja kwa moja kukatisha mto huanza kupitisha mafuta chini yake mkondo ukizidi sentimita 35 kwa sekunde, na wetu una 50. Kilazwe mshazari, nyuzi 45 au kali zaidi, mafuta yateleze hadi ukingoni penye maji ya taratibu yavutwe hapo. Kwenye mfereji mdogo, tuta la mchanga lenye bomba lililoinamishwa hushinda vifaa vya bei: mdomo wa bomba wa upande yanakotoka maji unazama chini ya mafuta, maji yanapita, mafuta yanabaki nyuma. Sabuni isitumike. Huondoa utando machoni kwa kuyachanganya mafuta ndani ya maji, na kinachobaki ni vigumu zaidi kukivuta.

Ujumbe wa kwanza basi unaweza kuwa huu: "Saa 12:55 asubuhi. Mafuta mazito ya boila yameingia mtoni kupitia mtaro wa mvua. Makadirio lita 1,300 hadi 2,100, kwa kijiti cha tanki. Yalianza baada ya saa 4 usiku. Mvua saa 8 hadi 10 usiku, sasa kavu. Mkondo kilomita 1.8 kwa saa. Vali imefungwa saa 12:40, mtaro unazibwa. Chini yetu kuna bustani za mboga na pampu." Nchini Tanzania uende kwa bodi ya maji ya bonde, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na kwa afisa mazingira wa halmashauri, kwa pamoja. Nchini Kenya, kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwananchi asiye na namba za ofisi hizi aanze na mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Ujumbe wa pili hurekebisha wa kwanza, na wa kwanza haufutwi. Kosa la kawaida kwenye huo wa pili ni kutangaza kwamba zimevutwa lita 3,000 wakati zilizomwagika ni 1,700. Gari la maji machafu hunyonya mafuta pamoja na maji. Yaache yatulie tankini hadi yatengane, upime tabaka la juu, uandike hilo. Na mvua inayofuata ikinyesha, mtu arudi mtoni: mafuta yaliyonasa kwenye matete maji yakiwa juu huoshwa tena yakaingia mtoni, na bila taarifa hiyo ya mvua, hayo nayo yatahesabiwa kama umwagikaji mpya.