Povu likikataa kugeuka pinki, simama hapo: galoni za nutralaiza zilizoongezwa maji

Mimi hufunza mambo ya nywele na kemikali zake chuo cha ufundi hapa Kisumu, na wenye saluni wengi wakiniletea bidhaa feki huniletea rilaksa ama mafuta. Mara chache sana mtu anashuku nutralaiza, ile sampo ya kuoshea dawa, na hiyo ndio imenifanya niandike leo juu ndio watu huongeza maji bila kuonekana halafu madhara yake yanatokea wakati kasitoma ameshafika kwake.

Kwanza tuelewane inafanya kazi gani. Rilaksa ya kawaida ni alkali kali, pH yake ni kati ya 12 na 14, na hiyo ndio inalegeza nywele. Ukisuuza na maji mengi sehemu kubwa inatoka lakini kuna ingine inabaki imenywewa ndani ya unywele na kando ya ngozi, hapo nutralaiza inaingia na asidi yake kumaliza hiyo alkali. Nyingi zimewekwa rangi ya kuonyesha, yaani povu likikutana na dawa iliyobaki linageuka pinki, unaosha tena mpaka povu libaki jeupe ndio unajua umemaliza. Sasa kama asidi ni kidogo na rangi ni kidogo, povu litakuwa jeupe kutoka mara ya kwanza na wewe utafurahi ukidhani ulisuuza vizuri, kumbe dawa iko tu inaendelea kula nywele.

Kuna dada ana saluni Kondele, tumuite Mama Achi, alikuja kwangu na kasitoma wake amekatika nywele kwa mstari kisogoni na kuna vidonda karibu na masikio, siku 3 tu baada ya kuwekwa dawa. Kila mtu alikuwa ameshasema msichana wa saluni aliacha dawa ikakaa sana. Nilimuuliza povu lilikuwa rangi gani, akasema jeupe, mara ya kwanza na ya pili. Nikauliza na mwezi uliopita? Akafikiria kidogo akasema ah, zamani lilikuwa linageuka pinki lakini siku hizi hapana. Alikuwa amebadilisha saplaya, huyu mpya analeta kwa boda mpaka mlangoni na alikuwa amempunguzia mia tatu kwa kila galoni ya lita 5.

Tuliangalia galoni kwanza. Lebo ilikuwa ya ukweli kabisa, stika iko, alama ya KEBS iko na namba ya kibali chini yake. Tukaandika `SM#` ikifuatwa na hiyo namba, tukatuma kwa 20023, jibu likarudi sawa, kampuni ni hiyo na bidhaa ni hiyo. Hapa ndio wengi hushikwa. Hiyo esemesi inakuambia kampuni iko na kibali, haiwezi kukuambia ndani ya hiyo galoni kuna nini. Itume kila wakati, itakuonyesha wale wameandika namba ya uongo, lakini galoni ya ukweli iliyojazwa tena itapita tu. Na galoni tupu zinatoka wapi? Zinatoka kwetu wenyewe, kuna vijana wanapita saluni wakinunua tupu na wewe unauza na lebo yake safi juu.

Kile kilinishtua kwa hiyo galoni ni kwamba foili ya chini ya kifuniko haikuwa, Mama Achi akasema zote za huyu saplaya huja hivyo. Halafu galoni mbili alizonunua miezi miwili tofauti zilikuwa na namba moja ya bechi, na hiyo kwa bidhaa inayotoka haraka si kawaida.

Uzito wa sampo usikudanganye. Watu huinamisha chupa wakiona inamwagika polepole wanasema hii ni nzito, ni poa. Sampo nyingi huwa nzito kwa sababu ya chumvi, kwa hivyo mtu akiongeza maji ikawa nyepesi anatupia chumvi ya jikoni kidogo inashikana tena. Hata karatasi ya kupima pH inaweza kukudanganya hapa, juu sampo iliyoongezwa maji bado itasoma karibu 5 kama ile ya ukweli, asidi bado iko ni vile imekuwa kidogo. Unataka kujua inaweza kumaliza alkali kiasi gani, na hiyo unaweza pima na glasi mbili.

Tulifanya hivi. Tulivaa glavu, tukachukua glasi mbili za maji kipimo kimoja, karibu mililita 250 kila moja, maji kutoka chombo kimoja (wa Nakuru mnaotumia maji ya borehole, yale mengi yana alkali yake, afadhali mtumie ya mvua ama ya chupa). Kila glasi tukaweka robo kijiko kidogo cha plastiki ya rilaksa kutoka mkebe mmoja, tukakoroga ikayeyuka. Glasi ya kwanza tukaongeza nutralaiza kutoka galoni ambayo haijafunguliwa, tulinunua kwa duka la jumla linalotoa risiti, kijiko kimoja kimoja tukikoroga polepole. Maji yakawa pinki na kwa kijiko cha 3 pinki ikaisha. Glasi ya pili, ile ya boda, kijiko cha kwanza pinki ilikuwa hafifu huwezi kuiona kama hujaweka karatasi nyeupe nyuma, na tulipima na karatasi ya pH mpaka kijiko cha 7 ndio ikashuka chini ya 8. Yaani ilikuwa na nguvu chini ya nusu. Kama nutralaiza yako haina rangi hiyo, soma lebo kwanza, halafu tumia karatasi ya pH kwa glasi zote mbili, hesabu ni ile ile. Usilinganishe kampuni mbili tofauti, linganisha bidhaa na ndugu yake.

Jioni hiyo Mama Achi alifungua daftari lake, na nashukuru alikuwa analo, akapigia wote waliooshwa na hiyo galoni. Walikuwa 9. Aliwaambia wazi sampo ilikuwa mbaya waje waoshwe tena bure na asiyeweza asuuze na maji mengi, na mwenye vidonda asiwekwe siki ama kitu chochote cha asidi kichwani, maji tu halafu hospitali. Wawili walipokuja povu la nutralaiza nzuri liligeuka pinki hata baada ya hizo siku. Jina la saplaya nilimwambia asiliweke kwa makundi ya Watsapu kwanza, aweke risiti, picha za foili na bechi, na galoni yenyewe bila kuimaliza, apeleke ofisi ya KEBS ya hapa Kisumu na ile ya kupambana na bidhaa feki, juu kujaza kitu kingine kwa galoni yenye jina la kampuni ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008.

Sasa kila galoni ikifunguliwa anatoa kijichupa kimoja, anaandika tarehe, bechi na nani aliuza, anaweka kwa kabati. Na tupu zake anazikata katikati ya lebo na kisu kabla yule kijana hajapita.