Shangazi anafowadi, mpwa anafuta: kwa nini rika mbili hazitumii mitandao sawa

Ukiuliza watu tofauti ya vijana na watu wazima mtandaoni wengi watakwambia vijana wanajua simu na wazee hawajui, basi yameisha. Sisi tunaofundisha matumizi ya mitandao tunaona jibu hilo halitoshi, manake kuna watu wa miaka 65 wanatuma voisi noti, wanapiga simu za video, wako kwenye magrupu kibao, na bado matumizi yao hayafanani hata kidogo na ya mtoto wa miaka 15. Tofauti kubwa iko kwenye swali linalompitia mtu kichwani kabla hajabonyeza kutuma. Kijana anawaza nani ataona. Mtu mzima anawaza nani kanitumia.

Chukua grupu la familia. Shangazi, miaka 64, anapokea meseji inasema maji ya moto yenye ndimu yanaua seli za saratani, juu kuna jina la profesa, chini kuna "watumie wengine 10 uokoe maisha". Kaipata kwa rafiki yake wa siku nyingi anayemheshimu, na juzi kaiona kwenye grupu lingine, sasa anaifowadi kwa familia huku akimuwaza hasa dada yake anayeumwa. Mpwa wake wa miaka 16 anaiona, anajua ina walakini, anapiga skrinshoti anawarushia marafiki zake wanne wanacheka weee, ila kwenye grupu la familia kimya.

Tuanze na huyo aliyenyamaza. Kwa kijana kuonekana na watu wasio sahihi ndo hatari yenyewe. Grupu la familia lina baba, mjomba, bibi na wadogo zake kwa pamoja, na kila mmoja anamjua yeye kwa sura tofauti, aongee kwa sura ipi? Kwa hiyo anahamia vyumba vidogo: akaunti ya pili wanayoijua wachache, orodha ya marafiki wa karibu kwenye Instagram, stori zinazopotea baada ya saa 24, au anaposti maneno ya fumbo ambayo mama akisoma anaona wimbo tu na rafiki akisoma anajua kuna mtu kaachwa. Takwimu za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, zinaonyesha mwaka 2014-15 vijana 71 kwa kila 100 wa Marekani wenye miaka 13 hadi 17 walikuwa wanatumia Facebook, ilipofika 2022 wamebaki 32. Sababu haziwezi kuwa moja, ila kwa maoni yangu wazazi kuingia humo kumechangia sana.

Halafu kuna suala la laiki. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA cha Marekani waliwaingiza vijana kwenye mashine ya kupima ubongo, wakawaonyesha picha zikiwemo walizoleta wenyewe, kila picha na idadi ya laiki, ila idadi hizo walizipanga watafiti. Picha ikiwa na laiki nyingi vijana nao waliilaiki zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ya kupata zawadi ilichangamka, hasa kwa picha zao wenyewe. Ukijua hivyo hutashangaa mtoto kuposti picha, kusubiri kidogo, kuona laiki haziji, akaifuta. Kwa yeye laiki chache maana yake wenzake wamemuona na hawajamkubali. Anachosahau ni kwamba kufuta kunaondoa picha kwenye akaunti yake tu, skrinshoti ikishapigwa iko kwa mwingine, na hapo ndo kesi nyingi za vijana kutishiwa kwa picha zao zinapoanzia.

Sasa turudi kwa shangazi. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Stanford, ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu akishaona muda wake wa mbele unapungua anaacha kuhangaika kutafuta watu wapya, anawekeza kwa walio karibu na moyo wake. Ndo maana mtu mzima mtandaoni anatafuta jamaa, picha za wajukuu, salamu za asubuhi, na meseji ya afya kwake ni njia ya kumwambia mtu nakujali. Anapima habari kwa uzito wa mtu aliyemletea, kitu ambacho kimemfaa maisha yake yote, tatizo ni kwamba yule rafiki hakuiandika, na yeye kaipata kwa mwingine, na huyo naye kwa mwingine, mwanzilishi hajulikani.

Uchunguzi uliotoka 2019 kwenye jarida la Science Advances, uliohusu Facebook kipindi cha uchaguzi wa Marekani wa 2016, ulikuta walio juu ya miaka 65 walisambaza habari za tovuti za uongo karibu mara 7 zaidi ya kundi la vijana, na vijana hapo ni wa miaka 18 hadi 29 siyo wa sekondari. Lakini wote waliosambaza walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, kwa hiyo msiwatukane wazee wote jamani. Na vijana nao siyo wajanja hivyo: watafiti wa Stanford waliwapima wanafunzi zaidi ya 3,000 wa sekondari Marekani, wakiwa na intaneti mkononi, na zaidi ya nusu waliamini video iliyopigwa Urusi ni ushahidi mzuri wa wizi wa kura Marekani. Yule mpwa kaishtukia ya ndimu kwa sababu lugha yake ni ya kizee, ingekuja kwa video fupi yenye mziki huenda angeilaiki.

Sasa shangazi asahihishwe vipi? Kwanza kwenye WhatsApp angalia mishale miwili juu ya meseji, maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 meseji ya namna hiyo huwezi kuifowadi kwa zaidi ya chati moja kwa mara moja. Ila mtu akikopi na kupesti mishale inapotea, kwa hiyo usipoiona usiamini tu.

Pili, mpwa aende inboksi, asiandike grupuni. Na asianze na "SI KWELI kwamba ndimu inatibu saratani", manake utafiti wa 2005 ulikuta watu wazima walioambiwa mara kadhaa kwamba dai fulani la afya ni uongo, baada ya siku tatu mara nyingi walikumbuka wamelisikia ila wakasahau lile neno uongo, wakalichukulia ni kweli. Dai lenyewe lisirudiwe bila sababu, kilicho kweli kiende mbele: "Shikamoo shangazi. Shangazi mkubwa aendelee na dawa za hospitali, ndo zilizothibitishwa kwa saratani, hiyo ya kwenye grupu haina uthibitisho. Profesa wao nimemtafuta sijaona popote alipoyasema. Unaweza kuifuta wewe mwenyewe, bonyeza meseji kwa muda kisha chagua kufuta kwa wote, ila usichelewe, ikipita kama siku mbili inagoma."