Nukta nundu si lugha

Jumapili iliyopita hapa Moshi, mzee mmoja wa kanisa alinisifu mbele za watu kwamba ninafundisha watoto wasioona dini "kwa lugha ya vipofu". Nilinyamaza, ni mzee wangu. Lakini nimeshachoka kuisikia.

Nukta nundu, au breli, ni maandishi ya kusomwa kwa kidole. Kila herufi ina nafasi 6, tatu kushoto na tatu kulia; za kushoto huhesabiwa 1 hadi 3 kutoka juu kwenda chini, za kulia 4 hadi 6, na kinachotofautisha herufi ni nukta zipi zimeinuka. Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto, aliyachapisha mwaka 1829. Basi.

Jina lenyewe linajieleza. Nukta tumeipata kwa Waarabu, ile inayokaa juu au chini ya herufi. Nundu ni ile ya ng'ombe wetu wa kienyeji, pale begani. Ziunganishe, unapata alama iliyovimba kwenye karatasi. Lugha haijatajwa popote.

Mtoto asiyeona anaongea Kiswahili, labda na Kichaga nyumbani, kama nduguze. Akiandika "Mungu", M yake ni nukta 1, 3 na 4. Mwenzake wa madrasa akifika kwenye mim ya Kiarabu, anagusa 1, 3 na 4 hizo hizo. Tena Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo maustadhi wengi hushtuka.

Kwa nini nasumbuka? Kwa sababu anayedhani ni lugha huridhika akisikia mtoto anatamka. Mwaka huu kijana wangu mmoja "alisoma" Baba Yetu bila kukwama hata mara moja. Mdomo umefika "utusamehe makosa yetu", kidole bado kipo mstari wa kwanza. Sala aliishika kwenye rekodi ya simu ya mama yake. Sikumgombeza. Nilimwandikia ukurasa mwingine, pale penye "riziki yetu" nikaweka "chakula chetu". Akapita palepale akisema riziki.

Nikamuuliza, "Riziki ni nini?"

"Ni ya kwenye sala, mwalimu."

Rekodi ilikuwa imempa sauti tu. Herufi hakuwa nazo, na maana pia hakuwa nayo, ila hilo la pili nisingelijua bila kumuuliza kwa mdomo. Tukarudi mwanzo: neno moja chini ya kidole, analisoma, kisha ananieleza kwa maneno yake kabla hatujaenda mbele. Rekodi tuliiweka mwishoni, ya kukumbushia. Sala moja ilituchukua wiki mbili, na kwenye "ufalme wako" tulikaa siku nzima.

Kwa hiyo, mzee wangu, shikamoo. Siku nyingine ukinisifu, sema nafundisha kwa maandishi ya nukta nundu. Lugha ni hii hii tunayosalimiana.