Pesa "iliyotumwa kimakosa" si meseji feki

Kila mtu akisimulia kwamba aliingiziwa pesa na mtu asiyemjua, akapigiwa simu akabembelezwa airudishe, akairudisha, halafu baadaye mambo yakamgeukia, jibu la kwanza analopewa ni lile lile: "kwani hukuangalia salio?" Aliangalia jamani. Salio lilipanda. Hiyo ndiyo shida yenyewe, na ndiyo maana nimechoka kuona utapeli huu ukiitwa meseji feki, manake ni vitu viwili vinavyofanana kwenye ile simu ya kubembelezwa tu, ndani havifanani hata kidogo na kinga yake si moja.

Maana yake kwa ufupi: pesa ya kweli inaingia kwa simu yako kutoka kwa mtu usiyemjua, halafu anajitokeza mtu anasema ni yeye aliyetuma, alikosea namba, anaomba umrudishie, ila si kule ilikotoka, anakupa namba nyingine au akaunti nyingine. Hiyo namba ya pili ndiyo utapeli wenyewe. Kilio, karo ya mtoto, mgonjwa yuko hospitali, hayo yote ni mapambo.

Meseji feki tuimalize haraka. Pale hakuna pesa iliyoingia. Umeandikiwa meseji ya kuigiza, ukiitazama vizuri imetoka kwa namba ya simu ya kawaida, haikuja na jina MPESA pale zinapokaa meseji zako zote za M-Pesa, ukiangalia salio halijasonga, basi unaipeleka 333 kwa Safaricom na mambo yameisha. Pale kweli kuangalia salio kunakuokoa.

Sasa kwa hii nyingine swali ambalo watu hawaulizi ni hili: pesa iliyoingia ni ya nani? Wengi wanadhani tapeli ametoa yake mfukoni kama chambo. Kuna wanaofanya hivyo, nitafika huko, lakini ile hatari zaidi ni pale pesa ni ya mtu wa tatu, mtu ambaye naye anatapeliwa saa hiyo hiyo na hajajua bado.

Chukua mfano. Jamaa ametangaza friji ya mtumba mtandaoni, picha safi, bei ya kuvutia, ila anataka dipoziti ya shilingi 8,000 kabla ya kuisafirisha. Mtu wa Nakuru ameipenda. Tapeli anampa namba ya kulipia, na hiyo namba si yake, ni ya mama mmoja mshonaji wa Likoni ambaye hajui lolote, namba yake imeandikwa kwenye bango la duka lake kila mtu anaiona. Jina la mama nalo tapeli amelipata bila shida, manake ukianza kutuma pesa M-Pesa inakuonyesha jina la unayemtumia na unaweza kusimamisha kabla haijaenda. Kwa hivyo anamwambia wa Nakuru, "itakuja jina la mke wangu, fulani binti fulani," na jina likija vile vile wa Nakuru anazidi kuamini.

Pesa inaingia kwa mshonaji. Meseji ni halali, jina la mtumaji ni la yule wa Nakuru. Dakika chache baadaye simu inalia, na anayepiga si wa Nakuru, ni tapeli: "Shikamoo mamangu, samahani sana kukusumbua, nimekosea tarakimu moja, hiyo 8,000 nilikuwa namtumia fundi, tafadhali nirudishie kwa namba hii nyingine, ile laini niliyotumia ina deni itakatwa yote." Mama anaangalia salio kama alivyofundishwa na wanawe, anaiona pesa, anamhurumia kijana wa watu, anatuma. Kule ilikofika inatolewa kwa ajenti saa hiyo hiyo, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, simu inazimwa.

Jioni mtu wa Nakuru anangoja friji haiji, muuzaji hashiki simu. Ushahidi alionao ni mmoja tu, meseji ya M-Pesa yenye jina la mshonaji. Anaipeleka 456 kuomba pesa irudishwe, kesho yake anaenda kituo cha polisi anaandikisha, anapewa namba ya OB, na jina linaloandikwa pale kama mtu aliyepokea pesa ni la mama wa Likoni. Kama mama alikuwa na pesa ya vitambaa kwenye simu, hiyo ndiyo inaweza kushikwa ili wa Nakuru arudishiwe, na hapo mama amelipa mara ya pili kwa mfuko wake. Kama hana kitu kwenye simu, basi atakayetafutwa kujieleza ni yeye. Tapeli hayumo kwenye karatasi yoyote.

Angalia hapo mama alidanganywa wapi. Pesa ilikuwa ya kweli, meseji ilikuwa ya kweli, salio lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, kwamba aliyepiga simu ndiye aliyetuma. Na huo uongo huwezi kuuona kwenye salio.

Aina ya pili ni ile ya tapeli kutumia pesa yake kweli. Anakutumia 3,000, anakupigia analia, wewe unamtumia 3,000 kwa namba nyingine aliyokupa, na yeye kule ameshaomba kurudishiwa ile ya kwanza kwa mtandao, akisema alikosea. Kwa mtandao hayo ni mambo mawili yasiyohusiana: kuna muamala mmoja uliokosewa, na kuna wewe uliyemtumia mtu mwingine pesa kwa hiari yako. Ukiwa na salio lako jingine pale, ombi lake likikubaliwa ile 3,000 inaondoka, na ile uliyotuma ilishaondoka.

Ndiyo nasema namba ya pili si jambo dogo. Kwenye mfano wa friji, pesa ikirudi kwa laini ilikotoka tapeli hapati hata shilingi, inarudi Nakuru, na mtu wa Nakuru akiona dipoziti imerudi bila kuomba atashtuka aanze kuuliza maswali. Kwenye hii ya pili, ikirudi ilikotoka atakuwa amepata pesa yake tu. Bila mlango mwingine wa kutokea hakuna biashara hapo.

Hapa kuna ushauri mwingine unaotolewa kwa nia nzuri lakini haujakamilika: "rudisha kwa namba ile ile iliyotuma." Ni afadhali, kweli, lakini ukituma mwenyewe kwa mkono na huku mwenye pesa ameshapeleka ombi 456, umerudisha mara mbili vile vile, hata kama yeye ni mtu mwaminifu kabisa ambaye alikosea namba. Acha mtandao uirudishe ile ile iliyoingia. Mwambie, "ndugu yangu, pesa yako nimeiona, sijaigusa, peleka meseji uliyopata 456 ukitumia laini iliyotuma." Halafu wewe mwenyewe piga huduma kwa wateja, namba unayoijua, si ile atakayokupa yeye au "mwenzake wa ofisini" atakayekupigia baadaye, ueleze kwamba umepokea pesa usiyoijua. Mtu aliyekosea kweli hili linamfaa kuliko kukubembeleza. Tapeli ndiye atakayekasirika, aanze na haraka, na matusi, na vitisho vya polisi.

Namba inayopiga pia ilinganishe na iliyo kwenye meseji, au zile tarakimu zinazoonekana. Ila usilifanye hilo kuwa kipimo cha pekee, manake kuna watu wa kweli ambao hazitalingana. Mtu akiweka pesa kwa ajenti moja kwa moja kwenye simu yako, au akituma kutoka benki, jina utakaloona si lake. Lakini hata huyo njia yake inabaki ile ile, arudi kwa ajenti wake au benki yake. Hana sababu ya kukupa namba ya simu ya mtu wa nne.

Na kama una deni la Fuliza jua kwamba pesa ikiingia tu inakatwa kulipa deni, iwe yako au ya kimakosa. Hapo ndipo watu wanabanwa vibaya, simu inalia "nirudishie yote saa hii" na salio halifiki, mtu anaingia Fuliza tena ili arudishe pesa ambayo hata hakuiomba. Usikope kurudisha. Mweleze hivyo hivyo, na ueleze mtandao.

Sasa wale wanaosema "mimi siulizi, ikiingia nakula," hao nao wamekosea kwa upande mwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inataja wazi malipo ya kielektroniki yaliyokufikia kwa makosa: kuyaficha au kuyazuia wakati yanapaswa kumfikia mwingine ni kosa, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Pia kumbuka wa Nakuru. Kuna uwezekano mkubwa pesa unayoila si ya tapeli, ni ya mtu aliyekuwa anajikusanyia apate friji. Kwa hivyo kutotuma kwa namba ya pili hakumaanishi pesa imekuwa yako, inamaanisha inakaa pale pale bila kuguswa mpaka irudi kwa njia yake.

Basi kwa wale wenzangu wa "hukuangalia salio?", mtu akiwaletea kisa hiki muulizeni kwanza ametuma kwa namba gani. Kama ametuma sasa hivi, aipeleke 456 ile meseji yake ya kutuma, huenda bado haijatolewa kule. Kama ni jana, aende kituoni mwenyewe aandikishe, akiwa na meseji zote mbili, ya kuingia na ya kutoka, pamoja na namba iliyompigia na saa iliyompigia, na asizifute hata kama anaona aibu, manake hizo ndizo zinazoonyesha kwamba pesa ilipita kwake haikukaa.